Dasha ya Mshtarii Inapoingia

Wanajimu wa Kihindi huyagawa maisha katika mzunguko wa miaka 120 uitwao Vimshottari. Watawala tisa hupokezana, kila mmoja na dasha, yaani kipindi chake: Mwezi miaka 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, na kadhalika.

Anayeanza hujulikana kwa nakshatra, kituo ulimokuwa Mwezi mtu alipozaliwa. Tuseme ulikuwa nyuzi 20 za burji ya Ng'ombe, ndani ya Rohini, kituo kinachotawaliwa na Mwezi wenyewe. Ulikuwa umekwisha vuka robo tatu ya kituo, basi mtoto alibakiwa na robo ya miaka 10: miaka miwili na nusu. Ongeza Mirihi, kisha Rahu, unafika umri wa miaka 27 na nusu. Hapo Mshtarii hushika zamu hadi 43 na nusu.

Wengi husema Mshtarii ni heri, wakaishia hapo. Hilo ni kosa. Burji iliyochomoza wakati wa kuzaliwa ikiwa Kondoo, Mshtarii hutawala nyumba ya 9, ya baba na walimu, na ya 12, ya gharama na ughaibuni. Kwa hiyo mnajimu hutarajia masomo ya mbali yanayokula fedha.

Saa ya kuzaliwa ichunguzwe. Ikikosewa kwa saa mbili, Mwezi husogea kama nyuzi moja, na katika mfano huu tarehe zote huhama takriban miezi tisa. Sayansi haijathibitisha utabiri huu, kwa hiyo nisingeahirisha matibabu kwa ajili yake.