Barua ya Kupunguzwa Kazi na Hesabu Zilizomo Ndani Yake

Kiwanda cha nguo jijini Dar es Salaam kimepoteza mteja wake mkubwa, na laini moja ya ushonaji inafungwa. Fundi cherehani aliyefanya kazi hapo miaka 8 na miezi 7 anakabidhiwa barua ya tarehe 2 Juni: ajira yake inakoma. Kiwanda na fundi huyu ni mfano tu, lakini kanuni zinazowahusu ni za kweli. Zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara.

Kwa sheria hiyo, barua ndiyo hatua ya mwisho. Mara tu mwajiri anapoanza kufikiria kupunguza watu, anatakiwa kutoa taarifa ya nia hiyo, kuweka wazi taarifa zinazohusika, kisha kukaa na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe. Hapo wanajadili sababu, njia za kuepuka au kupunguza upunguzaji, vigezo vya kuchagua nani aondoke, wakati wake na malipo. Wasipoafikiana, suala hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Fundi aliyeitwa asubuhi na kupewa barua mchana, bila kikao chochote kabla yake, tayari ana hoja nzito mkononi.

Barua lazima iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Sababu zinazokubalika ni za kiuchumi, za kiteknolojia au za mabadiliko ya muundo wa shughuli. “Laini namba 3 inafungwa kwa kukosa oda” ni sababu inayoweza kuchunguzwa. “Mahitaji ya kampuni” pekee haielezi kitu. Na iwapo mwezi unaofuata kiwanda kinatangaza nafasi ileile, sababu iliyoandikwa inaanza kutiliwa shaka.

Inafuata siku ya mwisho ya kazi. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Ukianza kuhesabu tarehe 3 Juni, siku ya 28 inaangukia 30 Juni. Mwajiri anaweza kumruhusu fundi aondoke mapema, ila amlipe mshahara wa kipindi hicho. Asichoweza ni kumpa notisi akiwa likizo, wala kuzihesabu siku za likizo kama siku za notisi.

Mabishano mengi huzuka kwenye kiinua mgongo. Kiwango cha chini kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Miezi 7 ya fundi wetu haiingii, hivyo ana miaka 8. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000 kwa mwezi, na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Ili kupata mshahara wa siku, jedwali la sheria linagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara siku za kazi za wiki. Kwake ni takriban 26, kwa hiyo siku moja ni shilingi 30,000. Siku 7 ni 210,000, na kwa miaka 8 ni 1,680,000.

Mhasibu akigawanya kwa 30, jumla inashuka hadi 1,456,000. Fundi amepungukiwa shilingi 224,000, na kwenye karatasi hakuna kinachoonekana kibaya.

Kiinua mgongo hakichukui nafasi ya michango ya NSSF. Kando yake kuna mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na nauli ya kurudi alikoajiriwa ikiwa ni mahali pengine. Anatakiwa pia kupewa cheti cha utumishi. Lakini akikataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa, anaweza kukikosa kiinua mgongo.

Kabla ya kusaini, aangalie anachosaini. “Nimepokea” ni uthibitisho wa kupata barua. “Nimekubali malipo haya kuwa ya mwisho” ni makubaliano, na kuyapinga baadaye ni kazi ngumu.

Kanuni za kampuni zikiruhusu rufaa ya ndani, barua inapaswa kumwelekeza kwa nani na lini. Akitaka kupinga uhalali wa kuachishwa, hufungua mgogoro CMA kwa fomu namba 1 ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Kwa fundi ambaye hakukata rufaa ya ndani, mwisho ni 30 Julai. Akichelewa, atalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopita. Shauri huanza kwa usuluhishi. Likishindikana huenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie.