Waya, Meli na Reli: Minyororo Mitatu Iliyofika Kigoma

Mkoloni hakuitawala nchi hii kwa bunduki peke yake. Bunduki hupiga mahali ilipo. Atakaye kutawala mahali asipokuwapo hana budi kuwa na njia ya kupeleka amri, njia ya kupeleka askari na njia ya kuondoa mali. Mkoani Kigoma njia hizo zilikuwa tatu: waya wa simu, meli ya moshi na gari moshi. Kabla ya kuandika makala haya nilichora jedwali dogo, ili kila chombo kipimwe kwa kipimo kimoja.

| Chombo | Kilibeba nini | Kilifika lini | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|
| Waya wa simu | Amri na habari | Zanzibar 1879. Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20 | Hukatwa kwa kisu |
| Meli ya moshi | Mzinga na askari majini | Ya Kijerumani, Ziwa Tanganyika 1900. Meli kubwa 1915 | Haitoki ziwani |
| Reli | Uzito: vyuma, mazao na watu | Kigoma 1914 | Haiondoki njiani mwake |

Tuanze na waya. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ililaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini. Tangu hapo balozi wa Kiingereza Unguja aliweza kuuliza London na kujibiwa upesi, ambapo zamani barua yake ilisubiri meli kwa majuma mengi. Wajerumani walipoishika pwani yetu, nao walivuta waya wao hadi Zanzibar mwaka 1890. Lakini kutoka Zanzibar kwenda Ulaya njia ilikuwa ya Mwingereza. Kwa upande wa kusini, waya wa Cecil Rhodes, aliyetamani kuunganisha Rasi na Kairo, ulipanda kupitia Nyasa ukafika Ujiji, ukakomea hapo.

Waya ni mwepesi, na wepesi huo ndio udhaifu wake. Katika Kenya Wanandi waliukata tena na tena, wakafanya mapambo ya shingoni na mikononi. Tena mwenye waya anaweza kumzibia sikio asiye nao: vita vilipozuka Agosti 1914, njia ya kupitia Zanzibar ilifungwa mbele ya Wajerumani. Wakabaki na simu ya upepo, na tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza ikakipiga mizinga kituo chake Dar es Salaam.

Sasa reli, kwa maana hiyo ndiyo iliyobeba uzito. Mpagazi wa msafara alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, na kutoka pwani hadi Ujiji alikwenda kwa miezi. Basi tani moja ilihitaji vichwa vya watu 33, na behewa moja la tani 10 lilihitaji zaidi ya 330, mbali na wale wa kubeba chakula chao. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma tarehe 1 Februari 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Tuta lake lilipigwa kwa majembe ya Waafrika.

Tazama sasa jinsi vyombo hivi vilivyofanya kazi pamoja. Meli ya kwanza ya Kijerumani katika Ziwa Tanganyika, iliyoshushwa majini mwaka 1900, ilikuwa ndogo, kwa kuwa ilibidi kila kipande chake kiweze kuchukuliwa na watu. Lakini mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli ya urefu wa meta 71 hivi, ikaitwa Graf von Götzen. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapanda gari moshi. Kigoma ikaunganishwa upya, na tarehe 5 Februari 1915 ikashuka ziwani. Meli hiyo ni mtoto wa reli; bila behewa isingalifika.

Na mzinga wake? Manowari Königsberg ilizamishwa katika Rufiji Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa, ikaburutwa na mamia ya watu hadi Dar es Salaam. Mmoja ukasafirishwa kwa reli ukafungwa juu ya Götzen. Ndivyo silaha ya bahari ilivyofika katikati ya Afrika, kuwatisha Wabelgiji ng'ambo ya ziwa.

Lakini mnyororo uvutao pamoja hukatika pamoja. Wabelgiji nao walifikisha reli yao ziwani mwaka 1915. Waingereza walileta mashua mbili za vita kutoka kusini, kwa gari moshi na kwa kuburuta porini, nazo zikaziondoa meli ndogo za Kijerumani. Majeshi ya Wabelgiji yaliposhuka kuelekea reli, Kigoma ilikuwa inatengwa. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen, wakiwa wamepaka mitambo yake mafuta mazito kwa matumaini ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Mabwana wakabadilika, na reli ikabaki pale pale. Hapa ndipo inapotupasa kupanda milimani, tokea Kasulu hadi Kibondo na Mtendeli. Reli ilipita kusini kabisa. Kutoka Mtendeli hadi stesheni ya Kigoma ni zaidi ya kilomita 200, na wala hapakujengwa tawi la kupanda huko. Mkulima wa Heru, Muhambwe au Buyungu, hata akivuna maharage ya kujaza ghala, alikuwa hana gari la kuyafikisha sokoni. Lakini kodi ilimfikia, kwa sababu kodi hutembea kwa miguu ya karani na askari. Je, fedha angeipata wapi? Kwa mwandikishaji wa manamba. Akaandikwa, akateremshwa relini, akapelekwa kukata mkonge, ambako alitimiza kipande chake cha siku 30 za kazi ndipo alipwe. Hivyo reli iliyoshindwa kuyachukua mazao ya Buha iliweza kuwachukua vijana wake.

Huu basi ndio mtihani wa kuijua njia ya kutawalia. Usiulize gari linakwenda kasi gani. Uliza linasimama wapi, na linapakia nini kila linaposimama. Reli ya kati ilinyooka kutoka bandari hadi ziwa. Milima ya Buha, yenye watu wengi na mvua nzuri, ilikuwa kando ya njia, ikahesabiwa kuwa ghala la mikono tu.

Chombo chenyewe hakina kabila wala chama. Mwezi wa Mei 2015, miaka mia moja baada ya kushushwa majini kwa ajili ya mzinga, Liemba ile ile iliwachukua wakimbizi wa Burundi waliokwama ufukoni Kagunga, ikawaleta Kigoma. Wakapelekwa Nyarugusu, na mwaka 1916 ulipotimiza karne yake, yaani 2016, kambi ya Mtendeli ikafunguliwa kupunguza msongamano; ikafungwa mwaka 2021. Chuma kilikuwa kile kile. Aliyetoa amri ndiye aliyekuwa mwingine. Lakini kutoka Kigoma kupanda milimani wakimbizi hao walikwenda kwa mabasi na malori, kwa maana reli ilikuwa bado imekomea pale ilipokomea mwaka 1914.