Kidole Kinapogoma Kunyooka

Laza kiganja chako juu ya meza, vidole vikiwa vimenyooka. Kama kidole cha pete au kidole kidogo kinabaki kimeinuka na hata ukikisukuma kwa mkono mwingine hakishuki, tazama chini yake. Huenda ukaona kamba ngumu imesimama chini ya ngozi, ikitoka katikati ya kiganja kuelekea kidoleni. Kamba hiyo ndiyo dalili kuu ya ugonjwa wa Dupuytren, uliopewa jina la daktari wa upasuaji wa Paris aliyeueleza mwaka 1831.

Wengi hudhani kano inayokunja kidole imefupika. Kano haina shida. Kinachougua ni utando mwembamba ulio kati ya ngozi ya kiganja na kano hizo. Seli zake huanza kutengeneza kolajeni kupita kiasi, kwanza kama kinundu kigumu, kisha kama kamba inayosinyaa polepole na kuvuta kidole. Kwa kawaida huchukua miaka, mara nyingi bila maumivu.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume wa makamo na wazee wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na mara nyingi huenda kwa ukoo. Kwa Waafrika ni nadra, ingawa upo, na kisukari ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa nao. Kwa hiyo kwetu, vidole hivyo viwili vikipinda, vikafa ganzi, na kiganjani hakuna kamba, daktari afikirie kwanza mshipa wa fahamu ulioumia, ukiwemo ule unaoharibiwa na ukoma.

Ili kujua ugonjwa umefika wapi, daktari hupima kwa kipimapembe nyuzi ambazo kila kiungo cha kidole kinakosa ili kinyooke, kisha hujumlisha. Mfumo wa Tubiana huita jumla isiyozidi nyuzi 45 hatua ya kwanza, hadi 90 ya pili, hadi 135 ya tatu, na zaidi ya hapo ya nne.

Lakini jumla peke yake hupotosha. Tuwachukulie wagonjwa wawili wa kufikirika. Wa kwanza, kidole chake cha pete kimepinda nyuzi 50 pale kinapoungana na kiganja, na 20 kwenye kiungo cha kati. Wa pili, kidole chake kidogo kimepinda nyuzi 10 kwenye kiganja na 60 katikati. Wote wana nyuzi 70, wote wako hatua ya pili, ila wa pili yuko pabaya zaidi. Kiungo cha kiganjani kikipinda, kano zake za pembeni hubaki zimenyooshwa, hivyo kamba ikiachia, kidole hunyooka. Kiungo cha kati kikipinda kwa muda mrefu, kano zake husinyaa zenyewe, na kuondoa kamba peke yake hakutoshi.

Kwa mgonjwa wa kwanza, sindano inafaa kujaribiwa. Ngozi hutiwa ganzi kidogo tu, ili mgonjwa aseme haraka akihisi shoti inayokimbilia kwenye ncha ya kidole, maana hapo sindano imegusa mshipa wa fahamu. Daktari humwambia pia akikunje kidole. Sindano ikicheza, imeingia kwenye kano na lazima irudishwe nyuma. Kamba hukatwakatwa kwa ncha ya sindano mpaka ikatike kidole kinapovutwa. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ila kamba imekatwa tu, haijatolewa.

Dawa ya kimeng'enya, inayotokana na bakteria, huyeyusha kolajeni. Hudungwa ndani ya kamba, na baada ya siku moja hadi tatu mgonjwa hurudi kunyooshwa kidole. Mkono huvimba na kuvilia damu, na mara chache kano hukatika. Barani Ulaya iliondolewa sokoni mwaka 2020 kwa sababu za kibiashara.

Upasuaji hufungua kiganja kwa mkato wa zigizagi na kuutoa utando ulioharibika. Ndio wenye kupona polepole zaidi, kwa wiki kadhaa za mazoezi, na wenye hatari ya kukata mshipa wa fahamu, kwa kuwa kamba huweza kuuzunguka na kuuvuta kutoka mahali pake.

Nchini Finland watafiti walizilinganisha njia zote tatu kwa wagonjwa 302. Baada ya miezi mitatu zilikaribiana. Baada ya miaka miwili, matibabu yalihesabiwa kuwa yamefanikiwa kwa asilimia 78 ya waliopasuliwa, 65 ya waliopewa kimeng'enya na 50 ya waliotibiwa kwa sindano.

Mgonjwa wa kwanza anaweza kuikubali hatari hiyo, kwa sababu sindano inaweza kurudiwa. Wa pili ningemshauri apasuliwe bila kungoja nyuzi ziongezeke, na aelezwe mapema kwamba kidole chake huenda kisinyooke kabisa.