Pointi moja, mara tatu: kengele iliyojificha nyuma ya handikapu ya raga

Katika mechi zake tatu za mwisho za Kombe la Dunia la 2023, Afrika Kusini ilishinda 29–28, halafu 16–15, na fainalini 12–11. Ufaransa, Uingereza na New Zealand wote walirudi nyumbani wakilia na pointi moja. Pale Stade de France, usiku wa mvua, Handré Pollard alifunga penalti nne na Beauden Barrett akajibu kwa trai. Richie Mo'unga akaukosa mkwaju wa kuongezea pointi mbili juu ya trai hiyo. Laiti ungeingia, ubao ungesoma 13–12 kwa New Zealand.

Jirani yangu, fundi wa simu, aliyaandika matokeo hayo kwenye daftari lake la mstari mmojammoja, akaniuliza: jambo kama hili hutokea mara ngapi? Yeye hubeti kidogo kidogo, ila daftari analipenda kuliko mkeka. Swali lake lina jibu, na jibu lenyewe ndilo kampuni za kubeti hulitumia kupanga bei.

Tuanze na handikapu. Timu A ikionekana kuwa na nguvu kuliko B, kampuni humkata A pointi kadhaa kabla kipenga hakijalia, tuseme 7.5. Ukiweka pesa kwa A, hakutoshi ashinde. Lazima ashinde kwa pointi 8 au zaidi. Ile nusu ipo ili pasitokee sare ya handikapu. Ikiwa handikapu ni 7 kamili na A akashinda kwa 7, kwa kawaida unarudishiwa tu dau lako. Kando ya handikapu kuna mafungu ya tofauti ya ushindi: A kwa 1 hadi 12, A kwa 13 na zaidi, sare, na vivyo hivyo kwa B.

Watu wengi huyaona haya kama michezo miwili tofauti. Kumbe yanatoka kwenye mchoro mmoja. Chukua mechi nyingi ambazo A alitarajiwa kushinda kwa pointi 8, uhesabu alishinda kwa ngapi hasa. Matokeo hujirundika karibu na 8, kisha yanapungua pande zote mbili, mpaka yanakuwa machache kabisa kwenye ushindi wa 40 au kichapo cha 25. Rundo hilo lina umbo la kengele, na wanahisabati huliita mgawanyo wa kawaida. Kuichora kengele kunahitaji namba mbili tu: katikati yake na upana wake. Upana huitwa mchepuko sanifu.

Upana huo fundi wangu anaupata kwenye daftari. Kwa kila mechi huandika tofauti iliyotarajiwa, tofauti iliyotokea, na kosa kati ya hizo mbili. Tuseme makosa ya mechi tano ni 4, 11, 19, 6 na 14, mengine juu, mengine chini. Kila kosa analizidisha kwa lenyewe, anajumlisha na kupata 730, anagawanya kwa 5 na kupata 146, kisha anatafuta kipeo cha pili: karibu 12. Mechi tano ni chache mno kuziamini, anataka mia na ushee. Hapa nitachukua 13, kwa sababu timu kubwa zinapokutana zenyewe kwa zenyewe, 13 si namba ya ajabu.

Sasa weka katikati 8 na upana 13 kwenye jedwali la kompyuta au la simu:

```
=1-NORM.DIST(12.5,8,13,TRUE)
```

Jibu ni 0.36, yaani A ana nafasi ya asilimia 36 ya kushinda kwa 13 na zaidi. Mbona 12.5? Kwa sababu hakuna anayeshinda kwa pointi 12 na nusu. Kisu kinapita katikati ya 12 na 13. Ukiendelea kukata hivyo, A kwa 1 hadi 12 anapata asilimia 35, sare karibu 2.5, B kwa 1 hadi 12 karibu 20, na B kwa 13 na zaidi chini kidogo ya 6. Handikapu ya 7.5 nayo inampa A asilimia 51.5. Ikiwa kampuni inalipa 1.90 pande zote, kila shilingi 100 unayoweka kwa A itakurudishia wastani wa shilingi 98. Ili utoke sare na kampuni ungehitaji asilimia 52.6.

Utamu uko kwenye upana. Mvua ikinyesha, mpira unateleza, timu zinapiga mateke marefu, trai zinaadimika. Timu A bado inatarajiwa kushinda kwa 8, lakini upana unaweza kushuka, tuseme hadi 9. Handikapu haitikisiki sana: nafasi ya kuivuka 7.5 inapanda hadi asilimia 52 tu. Lakini fungu la 1 hadi 12 linaruka kutoka 35 hadi 49, na lile la 13 na zaidi linashuka hadi 31. Mtu anayeangalia handikapu peke yake hataona chochote kilichobadilika. Handikapu inakuambia kengele imesimama wapi. Mafungu yanakuambia ni nene kiasi gani.

Kengele ina uongo wake pia. Yenyewe ni laini, ilhali pointi za raga huja kwa mabonge: 3 kwa penalti, 5 kwa trai, 7 trai ikiongezewa mkwaju. Kwa hesabu yetu, tofauti ya 6 na ya 7 zina nafasi karibu sawa, asilimia 3 kila moja. Hesabu matokeo ya misimu michache uone 3 na 7 zinavyojitokeza kuliko majirani zao. Kwa hiyo kuhama kutoka handikapu ya 6.5 hadi 7.5 ni ghali kuliko kengele inavyodai, na anayekuuzia kwa bei ya kengele tupu amekupa zawadi. Zawadi hizo ni adimu, maana kampuni nazo zinajua kuhesabu.

Kwenye mechi za tembo na sisimizi kengele yetu hupasuka kabisa. Mwaka 1995 New Zealand iliifunga Japani 145–17. Ukitarajia ushindi wa 60 na kubaki na upana wa 13, tofauti ya 128 ingekuwa zaidi ya mapana matano kutoka katikati, jambo ambalo hesabu haikutegemea kuliona maishani. Anayelemewa huchoka, na trai zikianza hazikomi. Mechi kama hizo fundi huziandika ukurasa wa nyuma, zisimharibie upana.

Na zile pointi moja tatu? Timu zikiwa sawa na upana ukiwa 13, nafasi ya kushinda kwa moja kamili ni asilimia 3. Mara tatu mfululizo ni kama mara 1 katika 35,000. Nilipomtajia, fundi alicheka, akanionyesha safu aliyoiongeza pembeni ya daftari: mvua.

“Fainali ilinyesha,” akasema. “Hiyo 13 yako ni ya jua.”