Chembe Gololi katika Damu

Tuseme mtoto mwenye selimundu ameongezewa damu katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Baada ya wiki moja macho yawa manjano na damu yapungua tena. Tone la damu hutandazwa juu ya kioo, likatiwa rangi. Chembe zenye doa katikati, mfano wa shabaha, ni kawaida ya maradhi yake. Lakini chembe mviringo kama gololi, zisizo na weupe katikati, hudokeza kwamba mwili unaiharibu damu aliyopewa.

Mpimaji asihukumu kwa ukingo mwembamba, ambako kila chembe hufanana na gololi, wala penye unene, ambako hupangana kama sarafu. Atazame pale zinapogusana kidogo tu. Kisha kipimo cha kingamwili kithibitishe, kabla mtoto hajaongezewa damu nyingine.