Usomaji wa vibao vya barabarani katika picha zenye ukungu wa mwendo

Usomaji wa vibao vya barabarani katika picha zenye ukungu wa mwendo ni kazi ya kutambua majina ya mahali na tarakimu za umbali kwenye picha iliyopigwa kutoka ndani ya gari linalokwenda, ambapo herufi zimevutika na kuingiliana. Kazi hii huwahusu hasa wachora ramani wa kujitolea, wanahabari na wanaohifadhi picha za safari, kwa sababu jina likisomwa vibaya mara moja na kuandikwa kwenye ramani, wengine hulinakili bila kurudi kutazama picha.

Makala hii inatumia mfano wa barabara kuu inayotoka Kahama kupitia Nyakanazi na Lusahunga (wilaya ya Biharamulo) hadi mpaka wa Rwanda huko Rusumo (wilaya ya Ngara), mkoani Kagera. Barabara hiyo ni mtihani mzuri: juu yake kuna Nyakanazi, Nyakahura na Nyakasanza, majina matatu yanayoanza kwa herufi tano zilezile.

Jinsi ukungu unavyotokea

Kamera hupokea mwanga kwa muda mfupi, na gari huendelea kusogea muda huo wote. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa husogea mita 22 hivi kwa sekunde. Simu ikifungua lenzi kwa 1/60 ya sekunde, basi limeshasogea sentimita 37 kabla picha haijakamilika.

Herufi za kibao kilicho mbele hazivutiki kwa sentimita zote hizo. Kibao kikiwa mita 20 mbele na mita 4 kando ya njia ya kamera, urefu wa mvutiko juu ya kibao ni takriban sentimita 37 mara 4 gawanya kwa 20, yaani zaidi kidogo ya sentimita 7. Herufi yenye kimo cha sentimita 20 huwa na mistari yenye unene wa sentimita 3 hivi, kwa hiyo mistari iliyosimama hupotea ndani ya jirani zake. Kibao hichohicho kikipigwa picha kikiwa mita 40 mbele, mvutiko ni nusu yake. Ndiyo maana picha ya mbali yenye herufi ndogo mara nyingi husomeka kuliko ile ya karibu, jambo ambalo wengi hulichukulia kinyume. Kibao cha duka kinachotazama barabara kutoka ubavuni hupata sentimita zote 37 na kwa kawaida hakisomeki kabisa.

Muda halisi wa kupokea mwanga hubaki ndani ya faili la picha katika sehemu iitwayo `ExposureTime`. Wakati wa magharibi simu huuongeza yenyewe, na picha za saa kumi na mbili jioni huwa mbaya kuliko za adhuhuri hata kama dereva hakubadili mwendo.

Kutambua uelekeo na urefu wa mvutiko

Kabla ya kukisia herufi yoyote, hutazamwa kingo za kibao chenyewe. Kama ubavu wa kushoto na wa kulia umefifia polepole lakini ukingo wa juu na wa chini ni mkali, mvutiko ni wa mlalo. Upana wa sehemu iliyofifia ndio urefu wa mvutiko. Kama ukingo wa juu ndio uliofifia, gari liliruka kwenye shimo au mkono ulitikisika, na kanuni zinazofuata zinageuzwa.

Mvutiko wa mlalo hufuta mistari iliyosimama na kuacha ile iliyolala. Z hubaki na mistari miwili, juu na chini. H hubaki na mmoja katikati, E na mitatu, L na mmoja chini. N na I hugeuka kivuli kisicho na alama. Kwa tarakimu, 7 hutofautika na 1 kwa mstari wake wa juu, lakini 3 na 8 hufanana kwa sababu tofauti yao iko ubavuni mwa kushoto, mahali palipofutwa. 6, 8 na 0 nazo ni za kutiliwa shaka daima.

Mfano: jina

Tuchukue neno refu la herufi kubwa linaloanza na kitu kama NYAKA. NYAKANAZI na NYAKAHURA yote yana herufi tisa, hivyo kuhesabu herufi hakusaidii. Hutazamwa nusu ya mwisho ya neno. Katika NYAKANAZI kuna mistari miwili iliyolala, juu na chini, karibu kabisa na mwisho, kisha kivuli chembamba cha I. Katika NYAKAHURA mstari wa katikati wa H hutokea mara baada ya NYAKA, ukifuatiwa na mkunjo wa chini wa U. NYAKASANZA ina herufi kumi, na S yake huacha alama tatu mahali ambapo H huacha moja.

Njia ya uhakika zaidi ni kwenda kinyume: kuandika kila jina linalowezekana, kulivuta kwa kompyuta, kisha kulilinganisha na picha. Programu ya ImageMagick hufanya hivyo:

```
magick -background white -fill black -pointsize 60 label:NYAKAHURA -bordercolor white -border 40 -motion-blur 0x8+0 nyakahura.png
```

Namba 8 hubadilishwa hadi kufifia kwa kingo kulingane na picha. Mwandiko uwe wa umbo linalokaribia ule wa kibao.

Mfano: umbali

Tarakimu husaidiwa na hesabu. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni takriban kilomita 92. Kwa hiyo kibao chochote kilicho kabla ya Lusahunga, kwa anayetoka Nyakanazi, kikitaja sehemu zote mbili, tofauti ya namba zake iwe karibu na 92.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mstari wa Lusahunga unasomeka 16 au 18. Rusumo basi iwe 108 au 110. Tarakimu ya mwisho haiamui kitu, maana 8 na 0 zimefanana. Ya katikati ndiyo inayoamua: katika 108 ni pana, yenye alama juu na chini, katika 110 ni kivuli chembamba. Vibao hukadiria hadi kilomita kamili, kwa hiyo tofauti ya kilomita moja isichukuliwe kuwa ushahidi.

Upande wa barabara nao ni wa kuangalia. Tanzania magari hupita kushoto na vibao husimama kushoto. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kobero kuingia Burundi, magari hupita kulia.

Kusafisha picha kwa kompyuta na mipaka yake

Kuna mbinu za kuondoa mvutiko kwa hesabu, kama ile ya Norbert Wiener na ile ya Richardson na Lucy iliyochapishwa mwaka 1972 na 1974. Zinahitaji kujua urefu na uelekeo wa mvutiko. Tatizo ni kwamba mistari iliyopangwa kwa nafasi zinazolingana na urefu wa mvutiko hufutika kabisa, na hakuna hesabu inayoweza kuirudisha. Mahali pake programu huchora mawimbi hafifu sambamba na kingo, ambayo jicho huyageuza kuwa herufi. Msomaji anayeanza na picha iliyosafishwa huweza kuona I ambayo haikuwahi kuandikwa. Mstari unaoonekana kwenye picha iliyosafishwa ukubaliwe tu kama jina lenye mstari huo, likivutwa upya, linatoa kivuli kilekile cha picha ya awali.

Majina mawili yakibaki yanawezekana yote, maelezo ya picha huandikwa "Nyakanazi au Nyakahura". Kama faili lina `GPSLatitude` na `GPSLongitude`, mahali pa kamera huweza kumaliza ubishi, ingawa simu iliyokuwa ndani ya basi wakati mwingine hubakiza nukta ya dakika kadhaa nyuma.