Rekodi za mwanga uliopindwa

Kupatwa kwa Jua kwa tarehe 29 Mei 1919 kulidumu dakika 6 na sekunde 51 pale palipokuwa na giza refu kuliko pengine. Kurefu zaidi ya huko kulikuwa kumetokea mwaka 1416. Kivuli kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki na Kongo, kikafika Ziwa Tanganyika alasiri, Jua limeshainama. Wapimaji wa Kiingereza walikwenda Sobral, Brazili, na kisiwa cha Principe, kuona kama nyota zilizo jirani na Jua zingeonekana zimesogea kwa sababu uzito wake umepinda mwanga wao.

Einstein alikuwa ameshatoa hesabu: α = 4GM/(c²b). M ni tungamo la nyota inayopinda, b ni umbali wa mwale kutoka kitovu chake. Mwale ukipita mbali mara mbili, pembe inabaki nusu. Ukiligusa Jua ukingoni unapata sekunde 1.75 za pembe, na nyuzi moja ina sekunde 3,600. Simama kwenye geti la DUCE, Chang'ombe, mwenzako anyooshe kidole kilomita 1.2 kutoka hapo: upana wa kidole hicho ndio pembe yenyewe. Hesabu ya Newton hutoa nusu yake tu.

Principe, penye mawingu, ilitoa 1.61. Darubini ndogo ya Sobral ilitoa 1.98. Kubwa ilitoa 0.93, karibu kabisa na Newton! Ila picha zake zilikuwa na ukungu: kioo kilichoelekeza mwanga kwenye darubini kilidhaniwa kupotoshwa na joto la Jua, nyota zikapanuka, ndiyo maana matokeo hayo yakawekwa kando. Bado watu hubishana, lakini mtu akitazama ukungu ule huona sababu.

Sasa pete. Nyota ya mbali ikikaa nyuma kabisa ya nyota nzito, katika mstari mmoja nasi, miale hupindwa pande zote kwa usawa, nasi tunaona duara la mwanga. Si pete ya Rujewa, Mbeya, ya tarehe 1 Septemba 2016. Ile ilikuwa Jua lenyewe likichungulia pembeni mwa Mwezi.

Jua letu haliwezi kutuonyesha pete ya namna hii. Gawanya nusu kipenyo chake, kilomita 696,000, kwa ile pembe ya sekunde 1.75 ikiwa katika radiani: miale hukutana kilomita bilioni 82 kutoka hapo. Voyager 1, chombo kilichofika mbali kuliko vyote, hakijafika hata bilioni 30.

Kwa nyota moja, pete huwa ndogo mno. Mwaka 2017 wanaastronomia walitangaza kuwa wameona kibete cheupe Stein 2051 B, kilicho miaka ya nuru 17 tu kutoka kwetu, kikiisogeza nyota ya nyuma kwa takriban sehemu 2 za elfu za sekunde. Mpangilio haukunyooka, hivyo pete haikutokea, lakini msogeo ulitosha kukipima: thuluthi mbili za tungamo la Jua.

Pete kamili zinazoonekana hutengenezwa na galaksi. Miongoni mwa zilizo karibu zaidi ni ile inayoizunguka NGC 6505, miaka ya nuru milioni 590 kutoka hapa, iliyotangazwa Februari 2025 baada ya darubini ya Euclid kuinasa. Galaksi yenyewe ilishajulikana tangu 1884.